UZI: Beijing 2015, Kenya tulikuwa wa kwanza au Marekani? Jedwali la medali linavyobadilika ukibadilisha njia ya kuhesabu

Mdau wa Kariobangi

Wadau, nimekuwa nikibishana na binamu yangu anayeishi Marekani kuhusu Riadha za Dunia za Beijing, Agosti 2015. Sisi tunakumbuka zile kama mashindano ambayo Kenya iliongoza dunia kwa mara ya kwanza. Rudisha mita 800, Kiprop 1500, marehemu Nicholas Bett mita 400 kuruka viunzi, Yego na mkuki wake wa mita 92.72, Kemboi, Hyvin Kiyeng, Vivian Cheruiyot. Dhahabu saba. Binamu anasema kwao magazeti mengi yaliandika Marekani ya kwanza, na hakuna aliyedanganya.

Jedwali lilifungwa hivi:

Kenya: dhahabu 7, fedha 6, shaba 3, jumla 16
Jamaika: dhahabu 7, fedha 2, shaba 3, jumla 12
Marekani: dhahabu 6, fedha 6, shaba 6, jumla 18

Ukipanga kwa dhahabu, sisi wa kwanza, Jamaika wa pili, Marekani wa tatu. Ukipanga kwa jumla, Marekani wa kwanza, sisi wa pili, Jamaika wa tatu. Medali ni zilezile, wakimbiaji ni walewale, lakini Marekani inaruka kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza. Nataka tuelewane hapa kwa hesabu, si kwa kelele: ni nini hasa kinachofanya mpangilio ubadilike, na kuna njia ya kujua ni lini nafasi ya nchi imesimama imara na ni lini inategemea tu aliyeshika kalamu?

---

Kevo_Grogan

Hii haina mjadala, kaka. Dhahabu kwanza ndiyo njia rasmi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inapanga kwa dhahabu, mkilingana mnaenda fedha, mkilingana tena mnaenda shaba. Wamarekani ndio walijitungia ya kwao kwa sababu wana timu kubwa. 2008 Uchina ilipata dhahabu 51 nyumbani kwao Beijing, Marekani 36, na bado magazeti ya Marekani yakaweka bendera yao juu kwa sababu ya jumla, 110 kwa 100. Sheria ni sheria.

---

Karani wa Mbio

Kevo, umesema kweli nusu. Ni kweli IOC inapotoa jedwali lake hupanga kwa dhahabu, na karibu dunia nzima inafuata hivyo. Lakini usiite sheria. Mkataba wa Olimpiki, kanuni ya 6, unasema mashindano ni baina ya wanariadha, mmoja mmoja au kwa timu, si baina ya nchi. Hakuna kombe la nchi iliyoongoza. Hakuna anayeitwa jukwaani kwa sababu nchi yake imeshika nafasi ya kwanza kwenye jedwali. Ni mazoea yaliyokubalika, na mazoea ya Marekani ya kuanza na jumla nayo ni ya siku nyingi.

Sasa turudi kwa swali la Mdau, kwa sababu mfano alioleta ni mtamu kuliko anavyojua.

Tazama fedha. Kenya 6, Marekani 6. Zinafutana, ziweke kando. Dhahabu sita za Marekani zifute na sita za kwetu. Shaba tatu za kwetu zifute na tatu za Marekani. Kinachobaki mezani ni hiki: Kenya ina dhahabu moja zaidi, Marekani ina shaba tatu zaidi. Ubishi wote wa Mdau na binamu yake ni swali moja tu: dhahabu moja ni sawa na shaba ngapi?

Anayepanga kwa jumla amejibu kwamba dhahabu moja ni sawa na shaba moja. Kwa jibu hilo Marekani inatangulia kwa medali mbili. Anayepanga kwa dhahabu amejibu kwamba dhahabu moja inazidi shaba zote duniani, hata ziwe mia. Kwa jibu hilo sisi tunatangulia. Ni kama kupanga maneno kwenye kamusi: herufi ya kwanza ikishatofautiana, zinazofuata hazitazamwi hata kidogo. Zile shaba tatu za Marekani hazikushindwa kwenye jedwali la dhahabu, hazikusomwa kabisa.

Na kuna wanaosema dhahabu alama 3, fedha 2, shaba 1. Piga mwenyewe. Kenya: 21 na 12 na 3, ni 36. Marekani: 18 na 12 na 6, ni 36. Sare. Ukitumia 5, 3, 1: Kenya 56, Marekani 54. Kwa hiyo mpaka uko palepale kwenye tatu. Ukiamini dhahabu ni zaidi ya shaba tatu, Kenya ndiyo ya kwanza. Ukiamini ni chini ya hapo, ni Marekani.

---

Mdau wa Kariobangi

Karani, nimesoma mara mbili. Sare kabisa! Miaka yote hii tunabishana na kumbe tofauti ni hiyo dhahabu moja na shaba tatu. Lakini sasa nani wa kusema dhahabu ni shaba ngapi? Hapo ndipo naona giza.

---

Mama Soko Githurai

Mnaongelea bei ya medali? Mimi nilisikia pale Paris 2024 waliolipwa ni wa dhahabu peke yake, wa pili na wa tatu hakuna kitu. Niliona vibaya sana. Mtoto wa mtu amekimbia amekuwa wa pili duniani anarudi mikono mitupu? Kwani medali ya fedha analipwa ngapi siku hizi?

---

Karani wa Mbio

Mama, hatukuwa tunaongea pesa, lakini umegusa pahali pazuri. Umesikia sawa. Paris, shirikisho la riadha duniani lililipa dola 50,000 kwa kila mshindi wa dhahabu kwenye riadha, na fedha na shaba hazikupata kitu kutoka kwao. Walisema wa pili na wa tatu wataanza kulipwa Los Angeles 2028. Hiyo ni nje ya zawadi za serikali ya nchi yake, hayo ni mambo mengine.

Lakini kwenye Riadha za Dunia mambo yalikuwa tofauti tangu zamani. Beijing 2015 mshindi alipata dola 60,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000, na ikaendelea kushuka hadi wa nane. Hebu tazama: 60,000 kugawanya kwa 20,000 ni tatu. Shirikisho lenyewe, lilipotoa pesa mfukoni, lilisema dhahabu moja ni shaba tatu. Mdau, ukichukua viwango hivyo ukavitumia kama alama, Kenya na Marekani zinafungana tena, kila moja 660,000. Natumia viwango vya mtu mmojammoja tu hapa, kwa sababu timu za kupokezana vijiti zililipwa kwa kiwango chao na pesa halisi zilizoenda Marekani si hizo. Lakini kama uzito wa medali, ni sare.

---

Kevo_Grogan

Sasa mmeanza kuuza dhahabu kwa rejareja. Mtu akishinda dunia ameshinda dunia. Wa tatu hakushinda. Huwezi kuniambia watu watatu walioshindwa ni sawa na bingwa mmoja. Bingwa anapigiwa wimbo wa taifa, wa tatu anausikiliza wimbo wa mwenzake.

---

Kocha Ngong

Kevo, mimi nimekaa na vijana wa mbio ndefu muda mrefu, na hilo neno "walioshindwa" linanichoma. Nikupe mfano kutoka mashindano hayohayo. Mita 10,000 wanawake, Beijing 2015. Cheruiyot wetu amechukua dhahabu, Gelete Burka wa Ethiopia fedha. Nyuma yao Wamarekani wawili wanafukuzana na shaba, Molly Huddle mbele, Emily Infeld nyuma yake. Huddle akanyanyua mikono kusherehekea kabla ya mstari. Infeld hakuacha kukimbia, akapenya ndani, akamaliza mbele yake kwa sehemu tisa za mia za sekunde. Mmoja ana shaba ya dunia mpaka leo, mwingine wa nne. Niambie shaba hiyo haina maana.

Halafu tazama jedwali lilivyosoma tukio hilo: halikuliona. Bendera ni moja. Huddle angeshika shaba, Marekani ingebaki na shaba sita vilevile. Ndiyo maana mimi jedwali la medali silipendi kwa njia yoyote, ya Kevo au ya binamu wa Mdau. Linahesabu watatu wa kwanza na kufunga mlango. Kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji mwaka huo tulishika nafasi nne za kwanza: Kemboi, Conseslus Kipruto, Brimin Kipruto, Jairus Birech. Wanne, kwa sababu Kemboi aliingia kama bingwa mtetezi. Birech kwenye jedwali lenu ni sufuri, sawa na mtu aliyebaki nyumbani.

---

Karani wa Mbio

Kocha, kwa ajili ya kina Birech kuna jedwali lingine ambalo watu hawalitazami. Shirikisho la riadha hutoa pia jedwali la nafasi: wa kwanza alama 8, wa pili 7, hivyohivyo hadi wa nane alama 1. Birech hapo aliiletea Kenya alama 5. Lakini ujue ukilichagua hilo umechagua pia uzito wake. Dhahabu 8, shaba 6: hapo dhahabu moja haifiki hata shaba moja na nusu. Na kwenye jedwali hilo Marekani ndiyo iliyoongoza Beijing 2015, kwa sababu inaingiza watu kwenye fainali za kurusha, kuruka, mbio fupi, kila mahali, wakati sisi nguvu zetu ziko kuanzia mita 800 kwenda juu pamoja na hao wachache kama Bett na Yego. Kwa hiyo linapima upana wa timu. Dhahabu kwanza inapima kilele. Si kitu kimoja.

---

Mtoto wa Eastleigh

Mimi naona nyote mnakosea. Njia ya haki ni kugawanya kwa idadi ya watu. Marekani ina watu zaidi ya milioni 300, lazima ipate nyingi. Gawanya uone Kenya itakavyopanda.

---

Karani wa Mbio

Kijana wetu wa Eastleigh, tukigawanya kwa watu tunaipita Marekani wapi? Beijing 2015, ndiyo, tunaipita mbali sana, na Jamaika inatupita sisi mbali sana pia. Lakini jaribu njia hiyo Paris 2024. Inayoongoza ni Grenada, kisiwa cha watu zaidi kidogo ya laki moja, kwa shaba mbili. Dominika nayo iko juu kwa dhahabu moja ya Thea LaFond kwenye kuruka hatua tatu. Mtu mmoja akiumia msuli asubuhi ya fainali, nchi inatoka kileleni hadi kutokuwepo kabisa. Isitoshe, kwenye Olimpiki kila nchi ina kikomo cha wanariadha watatu kwa shindano moja la riadha. Uhindi, na watu wote wale, haiwezi kupeleka mia moja kwenye mkuki. Kwa hiyo kugawanya kwa watu kunawaadhibu wakubwa kwa kitu ambacho sheria zimeshawazuia. Nalo ni swali jingine: bado hujasema unagawanya dhahabu au jumla.

---

Mwalimu Zimmerman

Hamjambo. Nimefuata uzi huu kwa makini kwa sababu umenikuta na shida yangu. Shuleni kwetu tuna nyumba tatu, Tana, Athi na Mara. Siku ya michezo muhula uliopita tulikuwa na mashindano 22. Medali tulinunua za dhahabu pekee, wa pili na wa tatu walipewa vyeti, cheti kimoja kwa timu. Nikajumlisha hivi:

Tana: dhahabu 15, nafasi ya pili 4, nafasi ya tatu 6
Athi: dhahabu 10, ya pili 9, ya tatu 8
Mara: dhahabu 6, ya pili 9, ya tatu 8

Tana tukawapa kombe. Wazazi wa Athi hawajanisamehe hadi leo. Wanasema wao ndio waliokuwa na watoto wengi jukwaani. Nilikosea wapi, au walikuwa na uchungu tu?

---

Karani wa Mbio

Mwalimu, kabla hatujafika kwa wazazi, jumlisha dhahabu zako. 15 na 10 na 6 ni 31. Mashindano yalikuwa 22. Dhahabu lazima zilingane na idadi ya mashindano, isipokuwa kama wawili walifungana kwenye nafasi ya kwanza. Hilo ndilo jaribio la kwanza kwa jedwali lolote, kabla ya kubishana njia. Nafikiri najua zilikotoka hizo tisa za ziada: mbio za kupokezana vijiti. Mlivalisha watoto wanne medali nne, mkazihesabu nne. Kwenye jedwali timu ni dhahabu moja.

---

Mwalimu Zimmerman

Ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na mbio tatu za vijiti. Tana walishinda mbili, Athi moja. Kwa hiyo Tana ni 9, Athi 7, Mara 6. Inakuja 22 kamili. Ahsante sana. Na bado Tana wa kwanza?

---

Karani wa Mbio

Kwa dhahabu, ndiyo. Sasa nikuonyeshe kitu ninachokitumia mimi, kwa sababu ndicho kinachojibu swali la Mdau la tangu mwanzo, la kujua nafasi imara na nafasi ya kalamu.

Kwa kila timu andika namba tatu. Ya kwanza, dhahabu peke yake. Ya pili, dhahabu na fedha pamoja. Ya tatu, zote. Kwako inakuwa:

Tana: 9, 13, 19
Athi: 7, 16, 24
Mara: 6, 15, 23

Ukilinganisha timu mbili, kama moja haizidiwi kwenye namba yoyote kati ya hizo tatu, basi itakuwa juu, au angalau sare, kwa kila mfumo wa alama unaoweza kutungwa, mradi dhahabu isiwe chini ya fedha na fedha isiwe chini ya shaba. Sababu yake ni nyepesi. Kila medali kwanza ina thamani ya shaba. Fedha inaongeza kitu kidogo juu ya hapo, na dhahabu inaongeza kitu kingine juu ya fedha. Namba ya tatu inahesabu waliopata thamani ya msingi, ya pili inahesabu waliopata nyongeza ya kwanza, ya kwanza inahesabu waliopata nyongeza ya mwisho. Ukiongoza kote kutatu, nyongeza iwe kubwa au ndogo, huwezi kupitwa.

Athi na Mara: 7 kwa 6, 16 kwa 15, 24 kwa 23. Athi iko juu ya Mara na hakuna mzazi wa Mara mwenye hoja. Lakini Tana inaongoza namba ya kwanza peke yake na ni ya mwisho kwenye zile mbili. Kwa dhahabu kwanza Tana ni ya kwanza. Kwa alama 3, 2, 1 ni Athi 47, Mara 44, Tana 41. Tana ya mwisho! Hata kwa 5, 3, 1 Tana bado ni ya mwisho. Kwa hiyo wazazi wa Athi walikuwa na hoja, na wazazi wa Tana nao wana hoja yao. Mwaka ujao andika njia ya kuhesabu kwenye ratiba na uibandike kabla filimbi ya kwanza haijalia, kwa sababu ukishaona matokeo kila mtu atachagua njia inayompa kombe.

---

Mwalimu Zimmerman

Nimeandika hizo namba tatu ubaoni ofisini. Mwenzangu wa hesabu amenyamaza anazitazama. Nitampelekea mwalimu mkuu hoja ya 5, 3, 1 na vijiti kuhesabiwa mara moja. Kombe la Tana sitalichukua tena, walishinda kwa njia tuliyotangaza, ingawa tuliitangaza kwa mdomo tu.

---

Mdau wa Kariobangi

Nimejaribu namba tatu za Karani kwa Paris 2024. Sisi tulipata dhahabu 4, fedha 2, shaba 5, tukawa wa 17. Nimelinganisha na waliotufuata. Norwe walikuwa na 4, 1, 3. Zetu zinakuja 4, 6, 11. Zao 4, 5, 8. Hatuzidiwi popote, hapo tuko imara. Lakini Brazili, wa 20, walikuwa na dhahabu 3, fedha 7, shaba 10. Inakuja 3, 10, 20. Tunawazidi kwa dhahabu moja tu, wao wanatuzidi fedha tano na shaba tano. Kwa kweli nimeduwaa. Kwa jumla wana medali 20, sisi 11.

Na fedha mbili zetu zenyewe moja ilitutoka ikarudi usiku uleule. Kipyegon kwenye mita 5000 aliondolewa kwa kumzuia Gudaf Tsegay, kisha rufaa ikakubaliwa akarudishiwa fedha yake. Nilikuwa macho.

---

Kevo_Grogan

Brazili hatuwezi kuwa nyuma yao kwa riadha!

---

Karani wa Mbio

Kevo, jedwali la Olimpiki si la riadha. Ni michezo yote, mashindano 329 pale Paris. Zetu 11 zote zilitoka riadha. Brazili walizoa kwenye judo, mazoezi ya viungo, mpira, mawimbi, kila pahali. Na hapa kuna jambo linalowasaidia watu wa jumla bila wao kulitaja. Kwenye judo, ndondi, taekwondo na mieleka hutolewa shaba mbili kwa kila uzani. Kwenye mbio ni moja. Kwa hiyo nchi yenye mabondia na wacheza judo ina mlango mpana zaidi wa kuingia kwenye jumla kuliko nchi ya wakimbiaji. Ukiniuliza, hiyo ndiyo hoja nzuri zaidi dhidi ya kuhesabu jumla tupu, nzuri kuliko ile ya wimbo wa taifa.

---

Kocha Ngong

Hapo Karani nakubali, shaba mbili ni shida. Lakini sijakubali kwamba dhahabu peke yake itangulie. Angalia Beijing 2015 tena. Vijana wa Marekani wa vijiti mita 100 mara nne walimaliza wa pili nyuma ya Jamaika, wakaondolewa kwa sababu Tyson Gay alimpa Mike Rodgers kijiti nje ya eneo. Wangebaki, Marekani ina fedha 7. Jedwali la dhahabu lisingetikisika. Kwa 3, 2, 1 ingekuwa 38 kwa 36 na ile sare yenu imekwisha. Kitu kikubwa hivyo, timu ya pili duniani kupoteza medali, na jedwali lenu halipepesi jicho.

---

Karani wa Mbio

Ni kweli. Na kuna upande wa pili: jedwali la dhahabu linatikisika sana pale dhahabu yenyewe inapohama, hata baada ya miaka. Beijing 2008 tulirudi na dhahabu tano. Mwaka uliofuata Rashid Ramzi wa Bahrain akapatikana na dawa, akanyang'anywa ya mita 1500, ikaenda kwa Asbel Kiprop aliyekuwa wa pili. Tukawa na sita. Uchina nayo ile 51 aliyoitaja Kevo ilishuka hadi 48 baada ya wanyanyua uzani watatu kuvuliwa dhahabu zao. Kwa hiyo anayetaja jedwali lazima aseme ni la tarehe gani. Mimi kwenye daftari langu huandika mbili, la siku ya kufunga na la leo.

Kuhusu dhahabu ni shaba ngapi, sina jibu na sidhani lipo. Ninachoweza kusema ni kiasi gani cha imani nafasi fulani inadai.

---

Kevo_Grogan

Eleza hiyo ya mwisho. Na Jamaika je? Walikuwa wa pili Beijing 2015 mbele ya Marekani, na hakuna anayelalamika.

---

Karani wa Mbio

Jamaika 7, 2, 3. Marekani 6, 6, 6. Futa zinazofanana. Jamaika inabaki na dhahabu moja zaidi. Marekani inabaki na fedha nne na shaba tatu. Ili Jamaika iwe mbele, dhahabu moja lazima izidi fedha nne na shaba tatu zikiwekwa pamoja. Ukihesabu fedha kama shaba mbili, hiyo ni dhahabu moja kuzidi shaba kumi na moja. Kwetu sisi ilitakiwa izidi tatu tu.

---

Kevo_Grogan

Kumi na moja ni nyingi. Ya kwetu naitetea. Ya Jamaika waitetee wenyewe.

---

Mdau wa Kariobangi

Nimemtumia binamu yote haya. Amejibu kwamba kwake dhahabu ni shaba mbili na nusu. Nimemuuliza nusu imetoka wapi, bado sijapata jibu.